Mjadala: Wodi ya TB ya vitanda 12, madirisha au mitambo?

Mjumbe wa kamati ya ujenzi, Njombe: Wadau, tunajenga wodi ya TB yenye urefu wa mita 12, upana 7 na kimo 3. Mkandarasi anataka feni na filta, daktari wetu anasema madirisha makubwa yanatosha. Fedha ni za wananchi. Tufuate lipi?

Injinia wa mitambo ya majengo: Daktari yuko karibu zaidi na ukweli. Chumba hicho kina mita za ujazo 252. Nadhani mkandarasi ameandika hewa ibadilishwe mara 12 kwa saa, kiwango cha kawaida cha chumba cha kutengea mgonjwa. Ukigawia wagonjwa 12, kila mmoja anapata lita 70 kwa sekunde. Mwongozo wa WHO wa 2009 kuhusu hewa ya asili unataka wastani wa lita 160 kwa sekunde kwa kila mgonjwa mwenye ugonjwa unaosambaa kwa hewa. Kwa wodi yako hiyo ni kama mara 27 kwa saa. Feni za kufika huko zitakula umeme usiku na mchana, miaka yote. Madirisha ya kuta mbili zinazotazamana, yenye uwazi wa mita 3 za mraba kila upande, yanafika huko kwa upepo wa mita 1 tu kwa sekunde. Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, walipata wastani wa mara 28 madirisha na milango ikiwa wazi, na majengo ya zamani yenye dari ndefu yaliyapita ya kisasa.

Fundi AC: Zama hizi mnazungumzia madirisha? Fungeni split mbili zenye filta. Filta ya HEPA inakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, TB haipiti.

Injinia: Fundi, hesabu ya HEPA ni sahihi, ila split haina HEPA, na feni yake haina nguvu ya kusukuma hewa kupita humo. Inazungusha hewa ileile, huku watu wamefunga madirisha ili baridi isipotee. Tena, feni ikitupa hewa juu ya paa, mbali na madirisha na njia za watu, HEPA haihitajiki. Inahitajika hewa inaporudishwa ndani au inapotokea karibu na watu. Na ikianza kuziba, feni inavuta kidogo kidogo mpaka presha hasi, ile inayofanya hewa iingie chumbani badala ya kutoka, inaisha, na hakuna anayejua kama hakuna geji.

Katibu wa afya: Mbona sisi thieta tuliambiwa presha iwe chanya? Leo ni hasi?

Injinia: Thieta unalinda kidonda, kwa hiyo hewa safi itoke chumbani kwenda korido. Kwenye TB unalinda walio korido, kwa hiyo hewa iingie kwa mgonjwa, kisha itolewe nje. Tofauti ya presha ya Paskali 2.5 inatosha, lakini mlango ukiachwa wazi haipo tena. Funga mlango, shika kipande cha tishu kwenye upenyo wa chini: kikivutwa kuelekea kwa mgonjwa, uko salama. Kikisukumwa nje, simamisha kazi uite fundi.

Muuguzi, nyanda za juu: Mimi nimelala zamu kwenye wodi ya namna hiyo. Mwezi Juni, saa mbili usiku kila dirisha limefungwa. Anafunga mgonjwa mwenyewe, na simlaumu, amekonda na anatetemeka. Hizo mara 28 zako ni za mchana, injinia.

Injinia: Sista, hapo umenibana. Upepo ukishuka hadi mita 0.2 kwa sekunde, hata wodi iliyo wazi inabaki na mara 5 au 6. Ningeacha matundu ya kudumu juu ya kuta zote mbili, yasiyofungika, hewa ipite juu ya vitanda. Kisha feni ya ukutani ya kutoa hewa usiku, mita za ujazo 1,500 hivi kwa saa, yaani mara 6. Kwa kasi hiyo vijidudu vilivyomo hewani hupungua kwa asilimia 99 kwa dakika 46. Kwa mara 12 ingekuwa 23. Wenye TB sugu wapewe vyumba viwili vya presha hasi, na fedha za mitambo ziende huko.

Muuguzi: Na umeme ukikatika? Jenereta yetu inalisha thieta na wazazi tu. Na hayo matundu, Julai wataziba kwa mablanketi, nimeshaona.

Fundi AC: Ndiyo maana nasema mitambo, na jenereta iongezwe.

Injinia: Jenereta inataka dizeli kila mwezi. Nani ameiweka kwenye bajeti?

Mjumbe: Hakuna. Mchoro wa mkandarasi umeandika "mara 12" bila kusema ni saa ngapi wala madirisha yakiwaje. Kabla ya kusaini nitamtaka apime upepo pale kiwanjani saa nane usiku.

Muuguzi: Apime Julai.