Uliwahi kumtambulisha bosi anayeagwa? Tupeane uzoefu

Mwana wa Idara: Wakuu, Ijumaa namtambulisha mkuu wa idara yetu, katimiza 60. Nimekumbuka ya 2019, nilisoma wasifu wote toka shule ya msingi, kozi moja moja, dakika 17. Ukumbi ukaanza kuongea, mzee kainamisha kichwa. Mpaka leo inaniuma.

Bi Chausiku: Yamenikuta hayohayo.

Mzee wa Itifaki: Utambulisho sio risala. Risala inasomwa na wafanyakazi, sifa za jumla waachie mgeni rasmi. Wewe dakika nne tu, karatasi moja na nusu. Sema kaanzia wapi na cheo gani, kapitia wapi, halafu tukio MOJA la kazini ulilolishuhudia. Mfano, mstaafu wetu alikuwa wa afya, nikasimulia kipindupindu kilivyoingia kata moja, akalala wiki nzima ofisini, kila asubuhi anaenda mwenyewe kupima klorini kwenye visima. Usiseme "mchapakazi", simulia kisima watu wataona wenyewe. Jina lake na cheo malizia nalo, watu wasimame.

Kipepeo: Jina mwisho? Sisi tunaanza nalo, watu wajue anaongelewa nani.

Mzee wa Itifaki: Kaka, wamevaa sare zenye picha yake, hawajui?

Mama Nuru: Ngojeni niwaambie. Mimi nilichukua taarifa kwenye jalada lake, fomu kaijaza 1991 alipoajiriwa. Nikasimama nikasema "tunamkaribisha na mke wake mpendwa fulani", nikataja jina. Ukumbi kimya. Huyo walishaachana miaka mingi, mama aliyekaa meza kuu na kitenge chake kipya ni mwingine, na watoto wa yule wa kwanza wako safu ya pili. Mama wa watu akajikaza akatabasamu huku mikono inatetemeka. Niliwafuata kwao Jumapili kuomba radhi, walinipokea, ila ile sura yake siisahau.

Kipepeo: Masjala ndio wa kulaumiwa, majalada hawahuishi.

Bi Chausiku: Masjala wanaingiaje? Mtumishi asipoleta mabadiliko watayaotea ndoto? Mwenye kipaza ndio anahakiki.

Mama Nuru: Ni kweli dada, kosa langu. Sasa hivi namfuata mstaafu wiki moja kabla, namuuliza watakaa nani meza kuu, niwataje vipi, na kipi nisiguse. Namsomea na miaka. Mmoja alinirekebisha, nilitaka kusema kaanza idara yetu kumbe alihamia.

Dogo wa Uhasibu: Samahani, akistaafu kwa hiari 55 mafao anaanza kulipwa lini?

Bi Chausiku: Mdogo wangu, hapa ni hotuba.

Kipepeo: Ila ukimsomea kabla unaua msisimko. Mimi wangu sikumwambia kitu, alilia kwa furaha.

Mama Nuru: Wako alilia kwa furaha.

Mwana wa Idara: Kesho asubuhi naenda kwake. Mzee wa Itifaki, tukio nililonalo ni la siku alipogoma kusaini malipo hewa, na waliohusika wengine watakuwa ukumbini. Niliseme?