Tupeane uzoefu: sabrutini iliyomaliza kazi yake ikarudi pasipo pake

Kijana_wa_Kikwajuni

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba tukusanye visa vya programu zilizoita sabrutini, sabrutini ikafanya kazi yake vizuri, kisha wakati wa kurudi ikaangukia pengine kabisa. Kila mtu alete chake, na khasa aeleze alijuaje, maana hapo ndipo wengi tunapokwama.

Changu ni hichi. Kwenye maabara ninayoihudumia hapa Mjini kuna ubao wa 8085 walioutengeneza wanafunzi. EPROM ya 2764 inakaa 0000 mpaka 1FFF, RAM ya 6116 inakaa 2000 mpaka 27FF, na kuna milango miwili ya kutolea namba, kila mmoja una taa nane. Amri ya mwanzo kwenye 0000 inaruka kwenda 0100. Nafasi zisizotumika zimebaki FF, kama EPROM ilivyo ikiwa tupu. Programu niliipunguza mpaka ikabaki hivi, na hitilafu ikawa bado ipo:

```
0100  LXI SP,2800H
0103  LXI B,0500H
0106  CALL 0150H
0109  HLT

0150  PUSH B
0151  MVI C,FFH
0153  DCR C
0154  JNZ 0153H
0157  RET
```

Ilitakiwa icheleweshe kidogo halafu isimame kwenye HLT. Haikusimama. Nikaugusa waya wa WR kwa kipimo cha lojiki nikakuta unapiga mfululizo, na programu hii ukitoa CALL na PUSH haina amri hata moja ya kuandika kwenye RAM. Kuna kitu kilikuwa kinaandika bila ya kukoma.

Sasa ifuateni pamoja nami. Prosesa inapomaliza kuisoma CALL, ambayo ni baiti tatu, PC imeshafika 0109. Namba hiyo ndiyo inayowekwa kwenye staki: 01 inakwenda 27FF, 09 inakwenda 27FE, na SP inashuka kutoka 2800 hadi 27FE. Ndipo PC inapopewa 0150. Ndani ya sabrutini, PUSH B inaweka 05 kwenye 27FD na 00 kwenye 27FC, na SP inakuwa 27FC. Mzunguko wa kuchelewesha unakwenda mpaka C inafika sifuri. Hapo hakuna ubaya wowote.

Ubaya uko kwenye RET. RET haijui nani aliita. Inachukua baiti mbili pale SP inapoelekeza na kuzitia kwenye PC, basi. SP ilikuwa 27FC, kwa hivyo ilichukua 00 na 05, ikaenda 0500. Anwani ya kweli, 0109, ilikuwa imelala salama juu yake kidogo tu, wala hakuna aliyeigusa.

Lakini haya niliyajua baadaye. Mwanzo nilichojua ni kwamba imepotea, sikujua wapi. Nikaweka mtego. Kwa 8085, FF ni amri ya RST 7: inaisukuma PC kwenye staki kisha inaruka 0038. Programu iliyopotea ikikanyaga sehemu tupu ya EPROM, lazima ipite 0038. Pale nikaandika kuruka kwenda 1F00, na huko nikaweka hii:

```
1F00  POP H
1F01  MOV A,H
1F02  OUT 01H
1F04  MOV A,L
1F05  OUT 02H
1F07  HLT
```

Taa zikaonesha 05 na 01. Yaani FF iliyokanyagwa ilikuwa kwenye 0500. Na 0500 ni nini kwenye programu? Ni ile thamani ya BC. Basi nikatafuta PUSH B isiyokuwa na POP B, nikaikuta.

BwanaChip

Kisa kizuri, shekhe. Kwa ufupi ni kwamba SP ndiyo inayoshika anwani ya kurudia, na PUSH ikaifuta. Ndiyo maana mie husema wazi: kabla ya CALL, ihifadhi SP, na ipe RAM nafasi kubwa. Ukiweka staki kubwa matatizo haya huyaoni.

Kijana_wa_Kikwajuni

Kaka, hapo kwenye kufutwa sikubaliani nawe. Hakuna kilichofutwa. SP yenyewe haikushika 0109, ilishika namba ya pahala ilipowekwa, na PUSH ikaisogeza ielekeze pengine. Ungeipa RAM kubwa kiasi chochote, RET ingeendelea kuchukua 0500. Staki kubwa inasaidia pale sabrutini zinapoitana nyingi ndani kwa ndani. Staki iliyopinda haiinyooshi.

BwanaChip

Hilo la kufuta nimekubali. Ila kuhifadhi SP bado nalitetea. Ukiwa na nakala ya SP ya wakati wa kuingia, ukairudisha kabla ya RET, hata ukisahau POP kumi utarudi nyumbani.

Maalim_Redio

BwanaChip ana haki nusu. Ndivyo zinavyofanya kompaila nyingi kwenye prosesa za x86: rejista BP inashika SP ya mwanzo wa fanksheni, na mwishoni SP inarudishwa kutoka humo. Utarudi, kweli. Lakini BC uliyotaka kuirejesha itabaki imeharibika, na yule aliyekuita ataendelea na kazi akiwa na namba isiyo yake. Hilo gumu zaidi kulikamata, kwa sababu programu haianguki.

Kijana, kisa chako nakiongezea mambo mawili. La kwanza, kule kupiga kwa WR kabla hujaweka mtego. 0038 nayo ilikuwa FF. Kwa hivyo RST 7 ilifika 0038 ikakuta RST 7 nyengine, ikasukuma 0039, ikarudi 0038, na tena, na tena. Kila mara SP inashuka kwa mbili. RST ni mapigo 12 ya saa, na ubao ukiwa unakwenda 3 MHz ni maikrosekunde 4. RAM ya 2 KB inajaa kwa milisekunde 4 hivi, na utaikuta yote ni 39 00 39 00. SP haisimami hapo, inaizunguka memori nzima ya 64 KB na kurudi juu, ikafuta na ile 0109 uliyosema imelala salama. Kwa hivyo anayekuja kusoma RAM baadaye hapati ushahidi wowote wa pale mambo yalipoharibikia. Akiona 39 00 kila pahala ajue tu kwamba programu ilikanyaga FF. Mtego wako kwenye 0038 ndio njia, kwa sababu unaisimamisha mara ya kwanza tu.

La pili nalipenda zaidi. Hukuhitaji kuifuta EPROM kwa mwanga ili urekebishe. Biti ya EPROM inaweza kushushwa kutoka 1 kwenda 0 wakati wowote. RET ni C9, POP B ni C1, tofauti yao ni biti moja tu, nayo inashuka. Choma C1 kwenye 0157, kisha C9 kwenye 0158 iliyokuwa FF. Imekwisha.

Kijana_wa_Kikwajuni

Maalim, hilo la C9 kuwa C1 sikulifikiria hata kidogo. Mtego niliuchoma juu ya FF bila ya kufuta, lakini marekebisho tuliyafanya kwa kufuta yote na kuchoma upya. Nitawaonesha vijana.

BintiTunguu

Samahanini, mie natumia Python na sijui kama nimeielewa mada. Fanksheni yangu ilijiita yenyewe, nikapata hii:

```
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Hii ndiyo SP imefika mwisho? Nimeona watu wanaongeza namba kwa `sys.setrecursionlimit`, inakwenda.

Maalim_Redio

Mwanangu, mada yako ni jirani ya hii, si yenyewe. Python inahesabu miito kwa hesabu yake, na kwa kawaida inakukataza ikifika 1000, kabla staki ya kweli haijaisha. Hapo SP haijafanya kosa lolote, umezuiwa mlangoni. Ukiipandisha namba hiyo kupita kiasi unauondoa ulinzi, na baadhi ya matoleo programu nzima itaanguka bila ya ujumbe huo mzuri. Kwanza angalia kama fanksheni yako ina pahala pa kusimama.

BintiTunguu

Ilikuwa nayo, lakini nilikuwa nalinganisha `n == 0` na n inashuka kwa mbili. Ikianza namba witiri haikutani na sifuri kamwe. Ahsante Maalim.

Fundi_wa_Wete

Na mie nna changu, tena hakijesha. Kuna ubao unaowasha pampu ya kisima na kuizima tangi likijaa. Aliyeutengeneza ameshahama, akaniachia programu ya asembli aliyoiandika kwa ATmega328P. Ile chipu iliungua, nami niliyokuwa nayo mkononi ni ATmega8. Nikabadilisha majina ya rejista yanayotofautiana, ikakubali kuasembliwa bila ya kosa, lakini taa ya kwanza ikiwaka tu basi, haiendelei. Taa hiyo ipo kabla ya RCALL ya mwanzo.

Nikasoma datashiti za zote mbili usiku kucha umeme ulipokuwepo. 328P ikiwashwa, SP inaanza yenyewe mwisho wa RAM, 08FF. ATmega8 inaanza sifuri, na sifuri si RAM, ni pahala pa rejista. RAM yake inaanzia 0060. Kwa hivyo RCALL ilikwenda vizuri, ila anwani ya kurudi iliandikwa pasipo na staki. Nikaongeza mistari hii mwanzo kabisa:

```
ldi r16, high(RAMEND)
out SPH, r16
ldi r16, low(RAMEND)
out SPL, r16
```

Pampu ikafanya kazi. Wanaotumia C hawaoni haya, kwa sababu kompaila inaitengeneza SP kabla ya `main`.

Lakini bado kila baada ya muda ubao unaanza upya wenyewe. Si kila siku. Nashuku staki, ila sina uhakika.

BwanaChip

ATmega8 ina RAM ya 1 KB tu, 328P ina 2 KB. Hapa sasa staki kubwa si neno langu la bure. Huenda staki inashuka mpaka inakutana na data.

Maalim_Redio

Inawezekana, na inapimika. Mwanzo wa programu, SP ikishawekwa na kabla ya RCALL yoyote, ijaze RAM isiyotumika kwa A5. Iache iende siku nzima, halafu itoe RAM kwa siriali uangalie A5 zimebaki mpaka wapi. Zikibaki nyingi, si staki kujaa.

Mie nashuku zaidi interapti. Angalia kama ndani yake kuna njia mbili za kutokea, moja ina POP zote na nyengine imeruka moja. Njia ya pili ikipitiwa kwa nadra, utaona hivyo hivyo unavyoona: siku nzuri tatu, ya nne inaanza upya. Na usiisahau pampu yenyewe. Rilei ikikata mota, mshtuko wa umeme unaweza kuianzisha chipu upya bila ya SP kuwa na lawama. Rejista ya MCUCSR itakwambia: biti ya kuwashwa, ya pini ya reset au ya umeme kushuka ikiwa imepanda, ni vifaa; ya wachdogi ikipanda, huenda programu ilikwama, na hapo staki haijaepuka lawama. Isome mwanzo kabisa, iandike kwenye EEPROM, kisha uisafishe. Ukiikuta sifuri tupu, hapakuwa na reset ya kweli, PC imerudi 0000 kwa miguu yake, na hapo ndipo staki inapokuwa mshukiwa mkubwa.

Fundi_wa_Wete

Interapti ya taima ina njia mbili, ndiyo. Moja inatoka mapema tangi likiwa limejaa. Nakwenda kuhesabu POP. MCUCSR nitaiandika kesho nikienda kisimani, namba nitazileta hapa.