Naomba ushauri: kugeuza andiko kuwa sauti ya video fupi

Habari zenu wakuu. Nina andiko langu la kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, nataka liwe video ya dakika moja. Kwenye maandishi lilikaa hivi:

"Changanya lita 1 ya maji safi na sukari (vijiko vidogo 6 vya kufuta) na chumvi (nusu kijiko kidogo cha kufuta)."

Kwa sauti, mabano hayasikiki, na nikiunganisha vipimo, msikilizaji anaweza kuvichanganya. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Nimeandika upya, mkwaju mmoja ni pumzi fupi, miwili ni kimya cha sekunde nzima:

"Chukua maji safi, / lita moja. // Weka sukari. / Vijiko vya chai sita, / vya kufuta. // Sasa chumvi. / Nusu kijiko cha chai tu, / cha kufuta. // Koroga."

Vituo vimekula muda, kwa hiyo utangulizi nimeuondoa wote.

Wazoefu, hicho kimya nikiache wakati wa kurekodi au nikiongeze kwenye kuhariri? Nikikiongeza baadaye, sauti inasikika imekatwa. Na kipimo cha chumvi nikirudie, au maandishi kwenye skrini yanatosha?