Mnaorekodi mahojiano ya mtandaoni kwa hela za watu, acheni kusingizia mtandao wa mgeni!

Mleta mada

Wakuu, nimekasirika na nitaandika kwa urefu.

Nimemhoji mzee mmoja fundi wa majahazi, yeye yuko Lamu, mimi Dar. Kazi ya kurekodi niliipa studio, nikalipa yote kabla. Nilichokabidhiwa ni faili moja, sauti yangu na ya mzee zimechanganywa humo humo. Yangu safi kama niko redioni. Ya mzee inakatika, inakuwa ya bati, halafu inakimbia ili kufidia pale ilipokwama. Akitaja mkuku, ule mti mkuu wa chini ya jahazi, namsikia. Akifika kwenye mataruma, zile mbavu za jahazi, jinsi anavyochagua mti uliopinda wenyewe, nasikia "mata... ma..." kisha kimya. Habari za kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, ndiyo zimekufa kabisa, maana nilikuwa naitikia "eeh", na kila nikiitikia sauti yake inazama.

Nimelalamika, nikajibiwa: "Mtandao wa mgeni ulikuwa mbovu."

Sikubali! Mtandao ulikuwa wa sisi kusikilizana tu. Maneno ya mzee yalitoka kinywani mwake yakiwa mazima, pale pale Lamu. Simu ya pili ingewekwa mbele yake ikarekodi, yangebaki mazima hata laini ingekatika katikati ya sentensi. Mjukuu wake alikaa naye muda wote, simu mkononi. Hakuna aliyemwambia afungue rekoda! Na kwa kuwa faili ni moja, nikipunguza "eeh" yangu neno la mzee linapungua nalo. Nimlipe nani tena anirudishie hayo?

Kijana wa Tabata

Pole mkuu, ila hili dogo sana. Kwenye mpangilio wa rekodi wa Zoom, ile programu ya kompyuta, kuna sehemu ya kuchagua kila mshiriki awe na faili lake la sauti. Unaiwasha kabla ya kikao. Simu ya pili ya nini? Treki zikitengana kila mtu anasikika vizuri, umemaliza.

Mleta mada

Hujamaliza, na ndiyo kauli hiyo hiyo wanayotuuzia. Ukirekodi hivyo kwenye kompyuta iliyoko Dar, treki ya mzee ni kile kilichofika Dar. Kama "mataruma" lilipotea njiani, utapata treki safi ya peke yake yenye tundu pale pale.

Fundi Mawimbi

Mleta mada yuko sahihi, na Kijana wa Tabata yuko sahihi nusu. Treki tofauti zinatatua kuingiliana: unaweza kunyamazisha "eeh" bila kugusa mgeni, na kupandisha sauti ya aliye chini peke yake. Hazitatui kukatika. Kukatika kunatatuliwa na kurekodi pale mdomo ulipo.

Kazi kama hii ningeifanya hivi. Mzee anazungumza nami kwa simu ya kwanza, na anavaa hedifoni za waya. Hilo silibembelezi, kwa sababu asipovaa, sauti ya mwenye kuuliza inatoka kwenye spika na kuingia kwenye rekodi yake, na treki mbili zinakuwa hazijatengana tena. Simu ya pili, ya mjukuu, inalazwa juu ya kanga iliyokunjwa, shubiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige maiki. Inawekwa hali ya ndege, maana simu ikiingia rekodi inaweza kusimama na hakuna atakayejua. Usijaribu kufanya yote kwa simu moja: simu nyingi maiki ikishachukuliwa na maongezi, rekoda inakataa au inahifadhi kimya kitupu.

Kisha dakika moja ya majaribio, na mjukuu ANAISIKILIZA kabla hatujaanza. Tukianza kweli, mzee anapiga kofi moja mbele ya simu yake na mimi napiga langu nikisikia la kwake. Maongezi yenyewe nayarekodi pia, kwa ajili ya kupanga treki na kama akiba ya mwisho. Hayo makofi hayalingani sawasawa kwa sababu sauti inachelewa njiani, lakini kofi la mzee linaonekana kama mwiba kwenye rekodi yake na kwenye ile ya maongezi. Hapo ndipo ninapozilaza pamoja.

Mama Shani

Mimi narekodi simu za kaka yangu yuko Maskati, anatuhadithia habari za babu. Tunafanya kama hivyo hivyo, kila mtu anarekodi kwake. Mwanzo tunaenda sawa, lakini mwisho wa saa anajibu kabla sijamaliza kuuliza! Nikadhani simu yake mbovu.

Fundi Mawimbi

Si mbovu, dada. Kila simu ina saa yake ndani, na hakuna mbili zinazokwenda sawa kabisa. Usivute treki nzima. Tafuta kimya kati ya swali na jibu, kata hapo, sogeza kipande kinachofuata mpaka kikae. Mara mbili tatu kwa saa inatosha kwa mazungumzo.

Ila angalia jambo moja. Kama sauti yake imekuwa nyembamba na saa nzima imekuwa dakika 55 hivi, hiyo ni habari nyingine: imerekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na programu imeisoma kama 48,000. Hapo usikate kitu, rekebisha kwanza hicho kipimo.

Mwenye studio Arusha

Sisi si hao waliomrekodi, lakini niseme kwa upande wetu. Wateja hawataki tumsumbue mgeni. Mzee wa umri ule unamwambia hedifoni, kofi, hali ya ndege, anachoka kabla ya swali la kwanza. Na tukiipata hiyo rekodi, wanaituma WhatsApp kama ujumbe wa sauti, imebanwa, haina faida.

Mleta mada

Mzee alikaa na sisi kwa subira yote. Kilichomchosha ni kurudia neno moja mara nne kwa sababu hatumsikii! Na niliwalipa ninyi wenye ujuzi ili mjukuu apigiwe simu siku moja kabla aelekezwe.

Fundi Mawimbi

Kutuma kuna dawa: iambatishwe kama hati, hapo inafika ilivyo. Saa moja ya WAV, mono, kwa 48,000 na biti 16, ni kama MB 345. Rekoda nyingi za simu zinatoa m4a, na kwa kilobiti 128 inakuwa kama MB 58, bando linaweza. Asiifute mpaka aliyepokea aisikilize hadi mwisho. Nakubali moja la Arusha: chumba chenye jenereta au mvua juu ya mabati, rekodi ya hapo hapo itavichukua vyote kwa usafi ule ule.

Kijana wa Tabata

Sawa, nimeelewa. Lakini mgeni mwenye simu moja tu, na hana mjukuu? Kuna zile huduma kama Riverside na Zencastr zinazorekodi kwa kila mtu ndani ya kifaa chake na kupandisha taratibu.

Fundi Mawimbi

Hizo zinafanya kazi, mradi asifunge ukurasa kabla upandishaji haujaisha. Bando linakuwa lake, umtumie kabla. Kwenye simu ya bei ndogo iliyojaa picha mimi bado siziamini.

Mleta mada

Studio nimewaandikia: warudishe hela au turudie sehemu ya mataruma na kalafati, na safari hii simu ya mjukuu iwe mezani. Aliyewahi kutumia hizo huduma kwa simu yenye nafasi ndogo aseme ilikuwaje, maana nina mzee mwingine Pate, na huyo simu yake ni moja.