Amoksiklavu 625: ya jina kubwa au jeneriki? Tulinganishe kilichomo ndani

Upepo wa Kusi
Wakuu, naombeni ufafanuzi kabla sijatoa hela. Mke wangu ana maambukizi ya sinasi, na daktari kaandika Augmentin 625, kimoja mara tatu kwa siku, siku 7. Nimepita maduka matatu ya dawa na kila moja limenipa jibu lake. La kwanza lina Augmentin yenyewe, pakiti ya vidonge 14. La pili lina boksi la jina nisilolijua, nalo limeandikwa 625, vidonge 10, na bei yake iko chini sana. La tatu halina 625 kabisa. Muuzaji akaniambia nichukue amoksisilini 500 ya kawaida, eti "ndiyo ileile, hilo lingine jina tu". Hii ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote. Nichukue ipi?

Kipara Mkongwe
Chukua ya jina, usijitafutie balaa. Sheria zenyewe zinaruhusu jeneriki, yaani nakala ya kampuni nyingine, ipungue hadi asilimia 20. Yaani hiyo 500 yako inaweza kuwa 400 na bado ikapita. Ndiyo maana ni rahisi.

Zamu ya Usiku
Nimesimama nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi, kwa hiyo nianze na swali la ndugu Upepo, Mzee Kipara nitamrudia.

Hiyo 625, amoksiklavu, ni jumla ya miligramu za vitu viwili: amoksisilini 500 na klavulaneti 125. Geuza boksi, soma maandishi madogo chini ya jina kubwa, utaona namba hizo mbili zimeandikwa kila moja peke yake. Amoksisilini ndiyo inayoua bakteria. Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya cha kuivunja kabla haijafanya kazi, na klavulaneti iko pale kukizuia kimeng'enya hicho. Kwa hiyo duka la tatu limekuuzia nusu ya maneno. Amoksisilini 500 tupu ni dawa nzuri, lakini si jeneriki ya Augmentin. Kama daktari aliichagua yenye klavulaneti kwa sababu anahofia bakteria wa aina hiyo, utameza siku 7 na ugonjwa ubaki palepale. Rahisi hiyo ni ya siku ya kwanza tu.

Boksi la duka la pili ndilo la kulinganisha. Likiwa na 500 na 125, ni vidonge vya kumeza vya kawaida, na limesajiliwa na mamlaka ya dawa, basi ni dawa ileile kwa kazi ileile.

Jiwe la Msingi
Kuna njia ya nne hamjaitaja. Ipo ya 375. Ukimeza mbili kwa pamoja unapata 750, umeshapita 625, uko salama zaidi. Mahali pengine huwa ni ya bei nafuu kwa sababu haitafutwi sana.

Fundi Redio
Jamani dawa feki zimejaa! Angalieni tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Hizi jeneriki ndizo wanazogushi.

Zamu ya Usiku
Fundi, feki na jeneriki ni mambo mawili tofauti. Jeneriki ina mtengenezaji anayejulikana, usajili, namba ya toleo, na mtu wa kuulizwa ikiharibika. Feki haina hata kimoja cha kweli, na mghushi hupenda kughushi jina linalouzika kwa bei kubwa. Kwa hiyo ushauri wako wa kukagua boksi ni mzuri, ila ukague na la Augmentin pia.

Jiwe, hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kidonge cha 375 ni amoksisilini 250 na klavulaneti 125. Klavulaneti haikupungua, iliyopungua ni amoksisilini peke yake. Ukimeza viwili unapata 500 na 250. Dawa inayoua bakteria ni ileile ya kidonge kimoja cha 625, haijaongezeka hata miligramu moja. Kilichoongezeka ni klavulaneti, imekuwa maradufu, na hiyo ndiyo inayovuruga tumbo zaidi. Mara tatu kwa siku, mgonjwa atapata klavulaneti 750 badala ya 375. Atahara, ataacha dawa siku ya tatu, kisha tuseme jeneriki haifanyi kazi.

Na msiivunje ya gramu 1 mkadhani mmepata mbili ndogo. Ile ni 875 na 125, hupangwa mara mbili kwa siku. Kuhama kutoka mpango mmoja kwenda mwingine ni uamuzi wa aliyeandika dawa.

Jiwe la Msingi
Aisee. Mimi nilikuwa nasoma ile namba kubwa tu. Lakini kwa paracetamoli, mbili za 500 si ni 1,000?

Zamu ya Usiku
Ni 1,000, kwa sababu kiambato ni kimoja. Hesabu ya kujumlisha inakubali pale tu. Kikiwa kidonge cha mchanganyiko, linganisha kila kiambato na mwenzake.

Kipara Mkongwe
Bado hujanijibu la asilimia 20.

Zamu ya Usiku
Nakuja, mzee wangu. Hiyo namba ipo kweli, ila haisemi unachofikiri. Kidonge kilichoandikwa 500 kinatakiwa kiwe na 500, na tofauti ndogo ya kiwandani inayovumiliwa ni ileile kwa mwenye jina na kwa mwenye jeneriki. Mipaka ya asilimia 80 hadi 125 inahusu damu. Watu wenye afya hupewa dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, damu yao inapimwa saa hadi saa, kisha unatafutwa uwiano wa dawa iliyoingia mwilini. Kwa kuwa ni watu wachache, uwiano huo unakuja na upana wa shaka, chini na juu. Upana wote huo lazima ukae ndani ya mipaka, siyo ile namba ya katikati peke yake. Dawa inayopungua kwa asilimia 20 kwelikweli, upande wake wa chini utatoka nje na itakataliwa.

Mwaka 2009 watafiti wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walichapisha mapitio ya tafiti 2,070 za aina hiyo. Tofauti ya wastani ya kiasi kilichoingia mwilini, kati ya jeneriki na ya jina, ilikuwa takribani asilimia 3.6.

Kipara Mkongwe
Huko kwao wanakagua kwelikweli. Si kila mahali mkaguzi anafika kiwandani. Karatasi zikiwa safi haimaanishi kidonge ni safi.

Zamu ya Usiku
Hapo sikupingi. Jeneriki ni nzuri kadiri mamlaka inayoisimamia ilivyo nzuri. Ila hoja hiyo inakwambia uulize mtengenezaji ni nani na kama dawa imesajiliwa. Haikwambii kwamba bei kubwa ni cheti cha ubora.

Asali Chungu
Mimi nina kisa kinachokwenda kinyume. Kaka yangu ana kifafa, anatumia fenitoini. Duka lilimbadilishia kutoka kampuni moja kwenda nyingine, miligramu zilezile, na kifafa kilichotulia muda mrefu kikamrudia. Sasa mnaposema ni ileile, nawasikiliza kwa sikio moja.

Zamu ya Usiku
Pole dada, na usiache kusikiliza kwa sikio moja. Fenitoini ni ya kundi dogo ambalo tofauti kidogo kwenye damu inatosha kuleta madhara au kuacha ugonjwa ufumuke. Warfarini ya kuzuia damu kuganda na levothairoksini ya tezi nazo huangaliwa kwa jicho hilo. Hizo mgonjwa akishatulia na kampuni moja, abaki nayo, iwe jeneriki au ya jina, na akibadilishiwa daktari ajue ili apimwe. Sitasema kilichomrudishia kaka yako kifafa ni kidonge, maana dozi moja iliyorukwa inaweza pia. Lakini wasimbadilishie kimyakimya. Amoksiklavu haiko kwenye kundi hilo.

Mama Pacha
Na za watoto je? Mtoto wangu aliandikiwa ya maji ya 228. Duka lina 457 na 312, na muuzaji anasema tugawanye tu kwa kijiko.

Zamu ya Usiku
Mama Pacha, hapo namba zinasomwa kwa kila mililita 5. Ile ya 228 ni 200 na 28.5. Ya 457 ni 400 na 57, yaani kila kitu maradufu, kwa hiyo nusu ya ujazo inatoa dawa ileile. Anayekubadilishia akuandikie mililita mpya kwenye chupa, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko. Ya 312 ni 250 na 62.5. Hapo uwiano wa viambato ni mwingine kabisa, klavulaneti ni nyingi zaidi kwa kila amoksisilini, na hakuna kijiko kitakachourekebisha. Mrudie daktari.

Mama Pacha
Na kama daktari hapatikani mpaka kesho kutwa?

Jiwe la Msingi
Tafuta duka lingine lenye 228 au 457. Mimi ndivyo ningefanya.

Upepo wa Kusi
Nimerudi duka la pili, nimesoma boksi. Limeandikwa "amoxicillin trihydrate equivalent to amoxicillin 500 mg", halafu "potassium clavulanate equivalent to clavulanic acid 125 mg". Hayo maneno ya katikati yanabadilisha kitu? Na kuhusu bei, vidonge 10 dhidi ya 14, nalinganishaje?

Zamu ya Usiku
Hayabadilishi. Amoksisilini huwekwa kwenye kidonge ikiwa imeshikana na maji, kwa hiyo uzito wake halisi mle ni kama 574. Kinacholinganishwa ni namba iliyo baada ya "equivalent to".

Bei usilinganishe kwa pakiti. Tuseme pakiti ya 14 ni 100 na ya 10 ni 60. Kwa macho umeokoa 40. Kwa kidonge ni kama 7.1 dhidi ya 6, umeokoa asilimia 16 tu. Dozi yako ni vidonge 21. Duka lisipokata pakiti, utanunua mbili za jina kwa 200, au tatu za jeneriki kwa 180, kwa sababu mbili zinakupa 20 na kimoja kinakosekana. Akiba imebaki asilimia 10. Weka bei zako halisi humo uone.

Upepo wa Kusi
Kwa bei zangu jeneriki inashuka hadi chini kidogo ya nusu, hata nikinunua tatu. Na muuzaji amekubali kuniuzia mbili na kidonge kimoja cha kukata.

Zamu ya Usiku
Akate karatasi yake kwa mkasi, kidonge kikiwa bado kizima ndani. Asikitoe akakutilia kwenye bahasha, klavulaneti huharibika ikipata unyevu. Na kama pakiti ina mfuko wa rangi ya fedha wenye kifuko cha kukausha ndani, muulize kile cha kukata kimetoka kwenye mfuko uliofunguliwa lini. Kikiwa kimeanza kuwa na madoa ya njano au kahawia, usikichukue.