Tupeane uzoefu: tundu moja la HDMI, vifaa vitatu

Mkazi wa Tanga
Ndugu zangu, runinga yangu imebaki na tundu moja la HDMI linalofanya kazi, nami nina king'amuzi, mashine ya gemu na kompyuta. Dukani niliomba kifaa cha kugawa HDMI, nikapewa splita, ambayo kumbe huchukua picha ya kifaa kimoja na kuipeleka kwenye runinga mbili. Nilibadilishiwa, nikapata swichi ya matundu matatu inayojichagulia yenyewe. Sasa watoto wakizima gemu, swichi hairukii kompyuta niliyoiacha ikiwaka, bali inarukia king'amuzi nilichokizima kwa rimoti, na kioo kinabaki cheusi. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Wawili
Swichi yako haipati umeme wa kutosha. Yangu ilikuwa ikikata picha kila baada ya sekunde chache, hata nikadhani runinga imeharibika. Nilipochomeka waya wake mdogo wa USB kwenye chaja ya simu, ikatulia hadi leo.

Fundi Mstaafu
Dada, kwa picha inayokatika dawa yako ni sahihi, kwa sababu swichi isiyo na umeme wake hunyonya ule mdogo unaopita kwenye waya wa HDMI, na waya ukiwa mrefu hali huwa mbaya zaidi. Ila tatizo la ndugu yetu wa Tanga ni jingine. Kila kifaa kilichowaka hutoa volti 5 kwenye waya wa HDMI, na swichi ya namna hiyo huzitafuta ili ijue nani yuko macho. King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti kimesinzia tu, na vingi huendelea kuzitoa volti hizo. Chomoa king'amuzi ukutani, kisha utazame taa ya tundu lake kwenye swichi. Ikizimika, umempata mkosaji.

Babu wa Bagamoyo
Mimi nina king'amuzi kimoja, nami nataka kukitazama sebuleni na chumbani. Nimefunga splita, na inafanya kazi, ingawa chaneli ni ileile pande zote mbili. Kinachonisikitisha ni kwamba runinga mpya ya sebuleni, ambayo ni ya 4K, sasa inaonyesha 1080p.

Fundi Mstaafu
Mzee wangu, ya chumbani bila shaka ni ya zamani. Splita nyingi hukiambia king'amuzi kitoe picha ambayo runinga zote mbili zinaiweza. Zipo zinazoshusha upande mmoja tu, lakini sijawahi kufunga hata moja, kwa hiyo siwezi kukushauri ununue ipi.

Mkazi wa Tanga
Nimechomoa king'amuzi, taa ya kwanza imezimika, na kompyuta imetokea papo hapo. Hata hivyo, kukichomoa kila siku hakufai, maana kikirudishiwa umeme huchukua dakika kadhaa kabla ya kuonyesha chaneli. Kwenye swichi kuna kitufe ambacho sikuwahi kukigusa; nimekibonyeza mara mbili, nikafika kwenye kompyuta huku king'amuzi kimechomekwa. Je, kuna mwenye swichi inayoruhusu kuzima kabisa huko kujichagulia?