Siku 19 mzigo umekwama kwa sababu ya tarakimu sita! Nani kaniponza, muuzaji au wakala?

Katoni120 (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nimeagiza katoni 120 za taa za sola. Mzigo umefika salama, nyaraka ninazo, hela ya ushuru niliitenga mapema. Leo ni siku ya 19 uko ghalani na kila kukicha gharama za kuhifadhi zinapanda.

Muuzaji aliandika ankara ya mstari mmoja tu, "taa za sola", na pembeni namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa forodhani, 8541.40. Wakala wangu akaibeba kama ilivyo. Mfumo wa forodha ukaikataa palepale. Akaniambia nisijali, hiyo namba imebadilika tu, akaweka 8541.43. Mfumo ukakubali, ushuru ukatoka sifuri, nikalala usingizi mnono.

Siku ya nne afisa anafungua katoni tatu, ananiambia hizi si paneli, hizi ni taa, namba yake ni 9405.41 na ushuru wake ni asilimia 25. Juu yake faini ya tamko la uongo. Uongo! Nimemdanganya nani? Paneli si hiyo hapo juu ya taa, kila mwenye macho anaiona? Na kwa nini namba iliyokubaliwa na mfumo wao wenyewe ije ikataliwe na mtu wao?

bidhaa_kidogo

Pole sana mkuu. Ila wewe shikilia namba ya muuzaji. Tarakimu sita za kwanza ni moja dunia nzima, ndiyo maana ya HS. Huyo afisa hana haki ya kuibadilisha.

Mama Mizigo

Hata mimi walinipandishia thamani ya viatu mwaka jana, nikaonyesha mpaka risiti ya benki hawakusikia. Wanatuonea hawa. Umejaribu kupeleka uthibitisho wa malipo?

Katoni120

Mama Mizigo, thamani hawajaigusa dada yangu. Ugomvi ni namba.

tamko_kuukuu

Kijana, punguza moto kwanza. Nimeandika matamko ya forodha miaka mingi, nitakwambia usiyotaka kusikia.

8541.40 ilifutwa katika toleo la HS la 2022. Ilikuwa imebeba vitu vingi pamoja, seli, paneli na diodi za mwanga, yaani LED, wakaigawa. Kwa hiyo muuzaji wako anatumia orodha ya zamani. Hilo ni kosa la kwanza, na lenyewe ni dogo, mfumo umelikamata bure. Mfumo unakagua kama namba ipo. Haujui ndani ya katoni kuna nini, kwa hiyo kukubali kwake si hukumu.

Kosa la pili ndilo linalokula siku zako. 8541.43 ni paneli zenyewe. Jembe lina mpini wa mti, lakini hakuna anayeliita mti. Taa yenye kipaneli mgongoni ni taa, na waliotunga orodha walishaiona: 9405.41 imeandikwa mahususi kwa taa za sola zinazotumia diodi za mwanga tu.

Na bidhaa_kidogo yuko sahihi nusu. Tarakimu sita ni za wote, lakini kauli ya muuzaji haimfungi afisa wa nchi unakoingiza. Viwango vya ushuru na tarakimu zinazofuata kila nchi inajipangia.

Sasa nijibu mawili. Taa zote ni za aina moja? Na kwenye tamko, sehemu ya maelezo ya bidhaa, wakala aliandika nini?

Katoni120

Aina tatu. A ni ya kufunga ukutani, ina sensa ya mtu akipita. B ni ya mkononi, kama kandili, unaichaji juani. C ina mpini wa kubeba na pia matundu ya skrubu nyuma.

Maelezo nimeyaangalia sasa hivi. Ameandika "paneli za sola". Mungu wangu.

tamko_kuukuu

Hapo ndipo faini ilipotoka. Mtu anaweza kukosea namba kwa nia njema, watu wawili wenye elimu wanabishana juu ya namba kila siku. Lakini wakala alibadilisha jina la bidhaa ili lifanane na namba. Ankara inasema taa, tamko linasema paneli. Ukiwa afisa utaonaje?

Hata hivyo na afisa hajamaliza kazi. B si ya 9405. Taa ya kubebeka yenye chanzo chake cha umeme ina makazi yake, 8513.10, na maelezo ya mwanzo ya sura ya 94 yanazitoa taa za sura ya 85. Kaziweka zote pamoja kwa sababu mmezileta kwa mstari mmoja.

Fanya hesabu. Tuseme thamani yote ni 10,000, na B ni 4,000. Ukipigwa asilimia 25 kwa zote, ushuru ni 2,500. Kama B kwenu ni asilimia 10, unabaki 1,500 kwa zile nyingine na 400 kwa B, jumla 1,900. Na kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida, inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo kila senti ya ushuru inazaa nyingine. Kiwango halisi cha B kitazame mwenyewe kwenye kitabu cha ushuru, usimuulize wakala huyo.

Kesho omba kurekebisha tamko liwe la mistari mitatu. Muuzaji akutumie ankara mpya yenye namba ya modeli, idadi na bei ya kila aina. Peleka sampuli na picha za kila moja ikitumika. Wakati huohuo omba mzigo utoke kwa dhamana huku uainishaji ukiendelea kujadiliwa. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi 2017, unalitambua jambo hilo. Faini ni suala jingine, inaweza kuzuia mzigo usitoke.

pawabenki_tu

Mimi nilileta pawabenki, nikaandika chaja, 8504.40. Wakasema ni betri ya lithiamu, 8507.60, na betri ina vibali vyake ambavyo sikuwa navyo. Ushuru haukunisumbua hata kidogo, kibali ndicho kilichukua wiki tatu. Angalia na wewe, namba ya taa inaweza kuwa na cheti cha viwango ambacho paneli haikudai.

Katoni120

Ndicho walichoniuliza leo asubuhi! Nikadhani wananitafutia sababu. Cheti cha A ninacho. C je, inaenda wapi?

tamko_kuukuu

Kwangu C ni 8513.10. Ina mpini, nyepesi, imeundwa ibebwe.

Ghala la Saba

Mzee, hapo sikubaliani nawe. Matundu ya skrubu hayawekwi kwa urembo. Kijitabu cha matumizi kinaonyesha nini, mtu ameishika au imefungwa ukutani? Niliona taa kama hiyo ikipelekwa 9405 kwa picha moja tu ya kwenye boksi.

tamko_kuukuu

Inawezekana. Ndiyo maana kabla ya kuagiza tena C, aombe uamuzi wa awali wa maandishi kutoka forodha. Kwa mzigo huu ameshachelewa.

Katoni120

Nimefungua boksi la C. Upande mmoja picha ya mtu kaibeba gizani, upande wa pili iko ukutani juu ya mlango. Sasa afisa nimwonyeshe upande gani?

Ghala la Saba

Zote mbili. Ukificha mmoja akauona, unarudi kwenye "paneli za sola".